Choo chembamba kama penseli baada ya miaka 40: kisa cha dereva aliyetibiwa bawasiri nusu mwaka

Mtu akishapita miaka 40 halafu choo kikabadilika na kikagoma kurudi kama zamani, swali analokuja nalo mara nyingi ni hili la wembamba, "kimekuwa kama penseli, je ni kansa?" Mimi ni nesi, nafanya kazi chumba cha kamera, yaani pale mgonjwa anapopitishwa mpira wenye kamera kwenye utumbo, na nimeona hilo swali likiwapoteza watu pande zote mbili. Kuna wanaokuja wanatetemeka kwa ajili ya choo chembamba cha siku tatu na tukiangalia hamna kitu, na kuna wanaokuja wamechelewa sana kwa sababu choo chao hakikuwahi kuwa chembamba kivile, wakajihesabu wako salama. Kwahiyo nataka nipitie kisa kimoja taratibu kuanzia siku choo kilipobadilika mpaka alipopata jibu, na nioneshe ni wapi jibu lilikuwa karibu kabisa likapitwa. Mgonjwa huyu nimemjenga kutoka kwa wagonjwa wa aina hii ambao habari zao zinafanana mno, usihangaike kumtafuta ni nani.

Ni dereva wa lori, miaka 46, anapiga ruti ya Dar kwenda Tunduma. Havuti sigara, bia anakunywa akiwa nyumbani tu, kwao hajui kama kuna mtu alishawahi kuugua kansa. Maisha yake yote alikuwa anaenda chooni mara moja asubuhi, akimaliza kamaliza. Hilo la "maisha yake yote" lishike vizuri maana ndo kipimo chenyewe. Hakuna idadi moja ya watu wote, kuna mwenye afya anayeenda mara tatu kwa siku na mwenye afya anayeenda mara tatu kwa wiki, tunachotafuta ni wewe kuhama kutoka kwenye kawaida yako mwenyewe na kubaki huko ulikohamia.

Mwezi wa kwanza wa mabadiliko akaanza kwenda mara tatu, mara nne kwa siku. Kila akienda anatoa kidogo, tena chembamba, akisimama anahisi bado kuna kitu kimebaki, anakaa tena, anasukuma, hakitoki kitu au unatoka ute tu. Siku mbili tatu kinagoma kabisa, halafu ghafla anaharisha maji, kisha kinagoma tena. Akajiambia ni chakula cha njiani, maana dereva leo anakula Chalinze, kesho Makambako, na nyama choma ndo mboga ya kila siku, pia kukaa masaa yote yale kwenye usukani huku unabana haja kwa sababu hapo ulipo hamna pa kusimamisha lori, kwa kweli choo lazima kisumbue. Maelezo yake yalikuwa na mantiki, na hapo ndo ugumu wa huu ugonjwa ulipo, kila dalili yake ina sababu nyingine nyepesi ya kuielezea.

Baada ya wiki kama tano akaona damu. Akaingia duka la dawa Makambako akaeleza kwa aibu, akapewa dawa ya kupaka na vidonge vya kuweka kwa nyuma, akaambiwa ni bawasiri, madereva wote wanayo. Na ukweli ni kwamba bawasiri alikuwa nayo! Muwasho ukapungua, uvimbe wa nje ukanywea, akaamini dawa imefanya kazi. Lakini damu iliendelea kuja na choo kiliendelea vilevile. Bawasiri ni kitu cha kawaida sana kwa watu wazima, kwahiyo mtu mwenye kansa ya utumbo anaweza kabisa kuwa na bawasiri pia, na kuiona hiyo bawasiri hakumaanishi umejua damu yote inatoka wapi. Damu ya bawasiri kawaida ni nyekundu mbichi, inadondoka mwishoni au inabaki kwenye karatasi na kwenye maji, choo chenyewe kinakuwa safi. Yeye damu yake ilikuwa imejichanganya na choo, saa nyingine nyeusi kidogo na yenye ute. Hiyo tofauti inasaidia ila haitoshi peke yake, maana uvimbe ulio chini karibu na mlango wa haja kubwa nao unaweza kutoa damu mbichi kabisa. Na cha msingi zaidi, bawasiri haibadilishi ratiba ya choo. Haimfanyi mtu wa mara moja kwa siku aanze kwenda mara nne huku anahisi hajamaliza, miezi na miezi. Ukiona mabadiliko ya ratiba na damu vimekuja pamoja, bawasiri haiwezi kubeba yote mawili.

Mwezi wa tatu akaenda maabara ya mtaani kupima choo, majibu yakasoma amiba. Akapewa metronidazo, akameza siku zote, akapata nafuu kidogo kama wiki, hali ikarudi, akapima tena, amiba tena, dozi nyingine, na baadaye dozi ya tatu. Huu mtego wa amiba naomba niuelezee maana huku kwetu unakula muda wa watu wengi. Amiba wa kuleta ugonjwa yupo na anaumiza kweli, ila kuna ndugu yake asiye na madhara ambaye kwenye darubini mayai yao yanafanana, na watu wengi wanaishi naye bila shida yoyote. Kwahiyo kuandikiwa amiba kwenye karatasi ya maabara hakuthibitishi kwamba ndo anayekuharibia choo. Kwa wale wa kanda ya ziwa ongezea kichocho cha tumbo, nacho kinaleta damu na ute na kinaweza hata kuota vinyama ndani ya utumbo, ni sawa kabisa kupima na kutibu. Ila tiba ikishakuwa sahihi choo lazima kirudi. Umemaliza dozi vizuri, wiki mbili zimepita na hali ni ileile, basi dozi ya pili ya kitu kilekile haina kazi, hapo inabidi mtu aingie ndani aangalie.

Mwezi wa tano ndo uliokuwa wa hatari kuliko yote na yeye hakujua. Mtu wa kwao akamwambia hiyo ni ngiri, asafishe tumbo, akachemsha sanamaki ya nguvu akanywa jioni akiwa Ipogolo. Usiku tumbo likajaa, likasokota kwa mawimbi, akatapika mara mbili, hewa haitoki wala choo hakitoki. Alfajiri ikaachia ghafla, akatoa maji mengi yenye harufu kali, akalala, mchana akaendelea na safari. Sanamaki inafanya kazi kwa kuuamsha utumbo usukume. Sasa utumbo ukisukuma kwa nguvu dhidi ya sehemu iliyozibwa nusu, presha inapanda nyuma ya hapo palipobana, utumbo unatanuka, na unaweza kuziba moja kwa moja au hata kutoboka. Mafuta ya nyonyo ni hivyohivyo, na hizi pakiti zinazouzwa za kusafisha utumbo ni hivyohivyo. Tumbo kujaa, kutapika, halafu hewa kutotoka kabisa, hiyo ni dharura ya upasuaji, unaenda hospitali usiku huohuo, hausubiri asubuhi. Yeye bahati yake njia ilikuwa bado haijafunga yote.

Mke wake ndo aliyemaliza ubishi. Aliona mkanda umeingia matundu mawili, aliona mume anaamka usiku kwenda chooni, na tanboi naye akamnong'oneza kwamba siku hizi suka akifunga turubai anakaa chini kupumzika. "Baba fulani, hii sio bawasiri tena, twende hospitali au namwita kaka yako." Akaenda mwezi wa saba.

Daktari aliyemkuta hospitali ya mkoa ni binti mdogo tu, na alifanya mambo ambayo hayakuhitaji mashine. Kwanza alimuuliza kawaida yake ya zamani ilikuwaje, na ilibadilika lini. Akamuuliza kama choo kinamwamsha usingizini, swali zuri sana hilo, kwa sababu tumbo linalosumbuliwa na wasiwasi au na utumbo kuwa mwepesi kushtuka kwa kawaida linalala mwenyewe akilala, ugonjwa wa kwenye nyama ya utumbo haulali. Akampima uzito, kilo saba zilikuwa zimepungua bila yeye kujinyima. Akaagiza picha kamili ya damu, himoglobini ikaja 9.1, na chembe nyekundu zilikuwa ndogo na zimepauka, dalili ya kukosa madini ya chuma. Mwanamke anayeona siku zake anaweza kukosa chuma kwa sababu hiyo. Mwanaume wa miaka 46 anayekula nyama kila siku hana pa kupoteza chuma isipokuwa damu inavuja mahali, na mahali pa kwanza pa kutafuta ni tumboni. Hicho kipimo cha damu kinapatikana karibu kila hospitali ya wilaya, angekipima mwezi wa tatu badala ya kurudia amiba ingeonekana tayari iko njiani kushuka.

Kisha akamwambia, "Kaka, naomba nikupime kwa kidole njia ya haja kubwa, ni chini ya dakika moja." Akakataa. Naelewa kwa nini alikataa, mwanaume wa kwetu kuambiwa hivyo na binti ni jambo zito, na wapo madaktari nao wanaona aibu wanaruka hicho kipimo wanaandika dawa ya bawasiri tu. Huyu hakuruka. Alimwambia kama anapendelea daktari wa kiume atamwita, akamweleza atalala ubavu wa kushoto, magoti juu, shuka litamfunika, nesi atakuwepo, glavu na jeli. Akakubali. Kidole kinafika sentimita saba hivi kwa ndani. Kwenye sentimita sita ncha ya kidole ikagusa ukingo mgumu wenye mabonde, haulingani na nyama laini ya pembeni, na glavu ikatoka na damu iliyochanganyika na ute.

Nusu mwaka wa dawa, na kitu chenyewe kilikuwa kinafikika kwa kidole siku zote hizo. Hii ndo sehemu inayoniuma kwenye visa hivi. Sio kansa zote za utumbo mpana zinafikika hivyo, nyingi ziko juu zaidi, lakini hizi za puru, ile sehemu ya mwisho yenye urefu wa kama sentimita 15, sehemu nzuri tu yake inaguswa kwa glavu ya bei ndogo kuliko dozi moja ya metronidazo.

Sasa turudi kwenye wembamba maana ndo swali tuliloanza nalo. Utumbo mpana unaanzia upande wa kulia chini, unapanda, unavuka, unashuka kushoto, unaingia kwenye puru. Upande wa kulia choo bado ni uji na njia ni pana, kwahiyo uvimbe unaweza kukua mkubwa kabisa huko bila choo kubadilika umbo wala kuziba, mgonjwa anachopata ni kuishiwa damu kimyakimya, uchovu, mapigo ya moyo kwenda mbio akipanda ngazi, labda uvimbe tumboni kulia. Upande wa kushoto choo kimeshakauka kikawa kigumu na njia ni nyembamba, uvimbe wa huko mara nyingi unazunguka ukuta mzima, ndo unapata kufunga, kuharisha maji yanayopenya pembeni ya kilichokwama, kisha kufunga tena. Lakini hata hapo umbo la choo linalotoka nje linaamuliwa zaidi na mwisho wa njia. Fikiria tyubu ya dawa ya meno, hata ukiiminya katikati, kinachotoka kinafuata upana wa mdomo wake. Choo kikishapita palipobana juu kinakusanyika tena kwenye puru kinajipanga upya, kwahiyo mtu mwenye uvimbe juu anaweza kutoa choo kinene kama kawaida. Choo chembamba cha kudumu kinasema zaidi kuhusu puru na mlango wenyewe, kama ilivyokuwa kwa huyu dereva.

Na sio kansa tu inayobana huko chini. Misuli ya mlango ikikaza kwa sababu ya mchaniko na maumivu, choo kinatoka chembamba. Choo laini tu kwa asili yake kinatoka chembamba, hakina nguvu ya kutanua mlango. Utumbo ulio mwepesi kushtuka unafanya hivyo kwa vipindi, leo chembamba kesho kinene. Halafu kuna wale waliochomwa bawasiri na dawa kali za kienyeji, kovu linabana mlango kabisa, hao tunawapata na ni kazi ngumu kuwatanua. Kwahiyo choo chembamba peke yake, bila damu, bila kupungua uzito, bila kuishiwa damu, bila ratiba kuhama, mara nyingi sana sio kansa. Kilichomweka dereva kwenye kundi la hatari ni ule mkusanyiko: umri umepita 40, mabadiliko yamezidi wiki sita bila siku hata moja ya kurudi sawa, hisia ya kutomaliza, damu na ute, uzito, damu kushuka. Ukitaka kujua ni lini uache kusubiri, kwa maoni yangu wiki tatu mpaka nne za mabadiliko yasiyo na sababu zinatosha kwenda, na kama kuna damu usihesabu wiki.

Kuna kitu pia ambacho watu wa umri huu wanasahau, ni umri ambao presha na sukari zinaanza na dawa mpya zinaingia. Metifomini inalainisha choo na kuharisha, baadhi ya dawa za presha zinafunga, tramadoli inafunga vibaya, vidonge vya chuma vinafunga na kufanya choo kiwe cheusi. Daktari wetu aliuliza hilo, dereva hakuwa na dawa yoyote ya kudumu, lingekuwa jibu angeanzia hapo, asubiri kidogo aone.

Akaletwa kwenye kamera. Kawaida mgonjwa anajiandaa kwa kula vyakula vyepesi visivyo na makapi na kunywa lita kadhaa za dawa ya kusafisha utumbo, lakini huyu ana historia ya usiku ule wa Ipogolo, kumnywesha lita nne ilikuwa ni kumtafutia kuziba. Akasafishwa kwa enema tu, kutoka chini. Ndo maana ukija kwetu sema kila kitu, sema ulitapika, sema hewa iligoma, inabadilisha tunavyokuandaa. Mpira ukaingia, sentimita ya sita ukingo ukaonekana, uvimbe umezunguka zaidi ya nusu ya ukuta, katikati una kidonda kinachovuja, na palipobaki ni padogo kiasi kwamba kamera ya kawaida haikupita. Vikachukuliwa vinyama kadhaa kutoka sehemu tofauti za kidonda, sio kimoja, kwa sababu kipande kimoja kinaweza kuangukia nyama iliyokufa na maabara ikashindwa kusema kitu. Akauliza akiwa bado amelala, "Sista, ni kansa?" Daktari akamjibu mwenyewe, kwamba anavyoiona anaihofia ni hiyo, jibu la uhakika ni la maabara, na hatasubiri jibu ndo aanze kupanga vipimo vingine. Niliipenda hiyo, hakumdanganya na hakumhukumu.

Majibu ya kinyama yakarudi kansa ya tezi za ukuta wa utumbo, ambayo ndo aina inayopatikana karibu kwa wote wenye kansa ya sehemu hii. Akapigwa siti skani ya kifua na tumbo kuangalia ini na mapafu, maana huko ndo inakopenda kukimbilia, kukawa safi. MRI ya nyonga ikaonesha uvimbe umepenya ukuta wote wa misuli umefika kwenye mafuta ya nje, na matezi mawili jirani yameguswa. Hiyo ni hatua ya tatu. Kwa takwimu za Marekani kansa hii ikikutwa bado imekaa kwenye utumbo wenyewe, kama watu 90 kati ya 100 wanakuwa hai baada ya miaka mitano, ikishafika matezi ya jirani wanabaki kama 70 hivi, ikishahamia mbali ni chini ya 20. Huku kwetu ambako mionzi na upasuaji vinachelewa hesabu haziwezi kuwa nzuri hivyo, lakini kila ngazi bado inapunguza nafasi, na ngazi moja inaweza kupandwa ndani ya miezi ambayo mtu anabadilisha dawa za bawasiri. Mbunge wa Kibra kule Kenya, Ken Okoth, alifariki Julai 2019 kwa kansa ya utumbo mpana akiwa na miaka 41, na alipojitokeza hadharani kusema anaumwa ilikuwa imeshafika hatua ya nne. Wale wanaosema huu ni ugonjwa wa wazee wa miaka 70 wamkumbuke.

Kilichomtisha dereva kuliko neno kansa ni mfuko. "Nitatembea na mavi tumboni maisha yangu yote?" Akaelezwa kwamba hilo linaamuliwa na umbali kati ya uvimbe na misuli ya kubana mlango. Uvimbe ukiikalia ile misuli, inabidi itolewe nayo na mfuko unakuwa wa kudumu. Wake ulikuwa unaanzia sentimita sita, misuli haijaguswa, kwahiyo kulikuwa na nafasi ya kuunganisha utumbo tena. Akaanza na mionzi Ocean Road, siku tano kwa wiki kwa wiki tano na ushee, huku anameza vidonge vya kemo siku za mionzi, lengo ni uvimbe usinyae kabla ya kisu na usije ukarudi palepale baadaye. Wiki za kwanza za mionzi choo kilizidi kusumbua, akataka kuacha, akaambiwa ni utumbo umeungua kidogo, utatulia. Baada ya hapo unasubiriwa mwezi mmoja na nusu mpaka miwili na zaidi, mionzi inaendelea kufanya kazi hata mashine ikishazimwa, ndo akafanyiwa upasuaji, puru ikatolewa pamoja na mafuta yote yanayoizunguka yenye matezi, utumbo ukaunganishwa, na mfuko wa muda ukawekwa kulia tumboni ili choo kisipite kwenye maungio mapya mpaka yapone. Kemo ikafuata, kisha mfuko ukafungwa.

Choo chake sasa hivi hakiko kama alivyokuwa kijana na hakuna mtu aliyemwahidi hivyo. Ghala la kuhifadhia limetolewa, kwahiyo anaenda mara nne au tano, mara nyingine zinafuatana ndani ya saa moja, amejifunza kula mapema na kutokunywa chai ya maziwa kabla ya safari, amehamia magari ya safari fupi za mjini. Kipimo cha damu kiko 13. Kila baada ya miezi kadhaa anarudi kucheki, na kamera ya utumbo wote ilifanyika baada ya upasuaji kwa sababu ile ya kwanza haikupita, na watu wachache wanakutwa na uvimbe wa pili juu zaidi ambao wa kwanza ulikuwa umeuficha. Yeye hakuwa nao.

Kikabaki cha ndugu. Mtu akipata kansa hii, ndugu zake wa damu wa karibu, yaani wazazi, kaka, dada na watoto, hatari yao ni kubwa kuliko ya mtu wa kawaida, na wao hawasubiri dalili. Wanaanza kamera wakifika 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu yao aligundulika, inayotangulia ndo inayofuatwa. Kwa sababu yeye aligundulika na 46, wao wanaanza na 36. Kaka yake wa miaka 51 alikuja kwa kusukumwa na shemeji yake, choo kama saa, hana damu, hana lolote, alijiandaa vizuri akanywa dawa yote. Upande wa kushoto tukakuta kinyama chenye kikonyo, sentimita moja na kidogo, kikakatwa kwa waya palepale bila kisu. Maabara wakasema ni kile cha aina inayoweza kugeuka kansa ila bado haijageuka, akapewa tarehe ya kurudi baada ya miaka mitatu, akaenda kazini kesho yake. Mdogo wao ana 38 na amepangiwa mwezi ujao.